Shajara ya mradi: kupima nusumaisha kwa sarafu, kwa saa na kwa puto

Kisanduku hiki kinatengenezwa kwa ajili ya klabu ya sayansi ya South B, Nairobi. Kinatakiwa kimwezeshe mwanafunzi wa sekondari, kwa Jumamosi moja, kuiona kwa macho nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya atomi zinazotoa mionzi huchukua kubadilika, kuikokotoa kwa kalamu, kisha kuipima kwenye kitu kinachotoa mionzi kweli. Chanzo cha mionzi cha maabara hakimo. Vyanzo vya namna hiyo huenda na idhini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, kabati la kufuli na mtu wa kuwajibika, na kwa kazi hii hakuna haja. Mionzi ya kutosha imo kwenye hewa ya chumba chenyewe, kama itakavyoonekana kwenye ingizo la tatu.

## Ingizo la 1: sarafu 200

Vifaa: sarafu 200 za shilingi moja, zile mpya zenye twiga upande mmoja na ngao ya taifa upande wa pili. Mkebe wa maziwa ya unga wenye mfuniko. Sinia pana lenye ukingo. Daftari.

Kila sarafu ni atomi moja ambayo kiini chake hakijatulia. Mtupo mmoja ni kipande kimoja cha muda. Mkebe unatikiswa, sarafu zinamwagwa kwenye sinia, na kila iliyolala na twiga juu inahesabiwa kuwa imebadilika, inatolewa. Za ngao zinarudi mkebeni. Kubadilika huku wengine hukuita mbunguo, wengine kuoza kwa viini. Kwenye kadi za kisanduku tumeandika "kubadilika", kwa sababu neno kuoza linamfanya mwanafunzi afikirie kitu kinachochakaa polepole, na hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa.

Hesabu za jaribio lililoandikwa kwenye kadi ya mfano: 200 mwanzo, halafu 97, 51, 24, 13, 5, 3, 1, 1, na mwisho 0.

Hesabu ya karatasini ingesema 100, 50, 25, 12 na nusu, 6 na robo. Tofauti ya 97 na 100 si kosa la mtupaji. Ukitupa sarafu 200, kukosea mia kwa 7 hivi, juu au chini, ni jambo la kawaida kabisa. Kosa lipo ikiwa mara ya kwanza tu umebaki na 70 au 130; hapo tafuta sababu, na mara nyingi sababu ni mkebe. Ukijazwa kupita nusu, sarafu za chini hazigeuki, zinateleza tu zikiwa zimelala vilevile, na zikimwagwa zinatoka kama rundo la chapati. Tikisa kwa kuupindua mkebe juu chini mara kumi, usiuzungushe.

Kosa la pili ni la kuhesabu upande mmoja tu. Hesabu zilizotolewa na zilizobaki, ujumlishe. Zisipofika 200, kuna moja chini ya meza. Ni jambo dogo, lakini likitokea kwenye mtupo wa tano, wakati sarafu zilizobaki ni sita, umepoteza sehemu ya sita ya sampuli yako bila kujua.

Sasa tazama ile sarafu ya mwisho. Ilibaki peke yake baada ya mtupo wa saba, na mtupo wa nane ikalala ngao tena. Mwanafunzi atasema "sasa zamu yake imefika." Haina zamu. Sarafu iliyonusurika mara nane haijui imenusurika. Mtupo wa tisa ina nafasi ileile ya nusu kwa nusu iliyokuwa nayo mara ya kwanza. Kiini cha atomi kiko hivyo hivyo. Hakizeeki. Kiini cha urani kilichokaa ardhini tangu dunia ilipoumbika hakiko karibu na kubadilika kuliko kilivyokuwa siku ya kwanza. Nafasi ya kubadilika ndani ya sekunde ijayo ni ileile kila sekunde, na nusumaisha ni matokeo tu ya nafasi hiyo ikigusa atomi nyingi kwa pamoja: ni muda ambao nusu ya zilizopo zitakuwa zimebadilika. Ukiwa na atomi moja, nusumaisha haikuambii lini. Ukiwa na bilioni moja, inakuambia ngapi, tena kwa usahihi unaoshangaza.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Nusumaisha si nusu ya umri wa atomi. Wastani wa umri wa atomi ni nusumaisha mara 1.44, kwa sababu chache zinazochelewa huchelewa sana na kuuvuta wastani juu.

Nyongeza ya ingizo hili: visoda. Vilikuwa wazo la awali kwa sababu havigharimu kitu, vikaachwa kwa sababu havilali nusu kwa nusu, kisha vikarudishwa kwa sababu hiyohiyo. Visoda 100 vilitupwa mara kumi, vyote mia kila mara. Katika mitupo hiyo 1,000, mara 412 kisoda kililala mdomo chini. Tukisema mdomo chini ndio "kubadilika", kila mtupo unaacha takriban asilimia 59 ya visoda, na nusu yao inaisha baada ya mtupo 1.3 hivi. Hiyo ni isotopu nyingine, yaani atomi za aina nyingine, yenye nafasi nyingine na nusumaisha nyingine, ila sheria ni ileile. Visoda vya kiwanda kingine, au vilivyopindwa sana na kifungulio, vitatoa namba tofauti, kwa hiyo pima vyako. Usinakili 412 yetu.

## Ingizo la 2: mfano uliokokotolewa

Kwa kadi ya hesabu tumechagua tekineti-99m. Ni isotopu inayotumika sana hospitalini kupiga picha za mifupa, moyo na figo, na nusumaisha yake ni saa 6.01, tunayoikata kuwa saa 6. Sababu ya kuichagua ni saa ya Kiswahili: saa sita ni nusu ya mzunguko wa saa ya ukutani, kwa hiyo mkono wa saa unafanya hesabu pamoja nawe.

Chupa ina megabekereli 800 saa 12 asubuhi. Bekereli moja ni kiini kimoja kinachobadilika kila sekunde, hivyo megabekereli 800 ni viini milioni 800 kila sekunde. Saa 6 mchana zimebaki 400. Saa 12 jioni, 200. Saa 6 usiku, 100. Saa 12 asubuhi ya kesho yake, 50. Vipindi vinne vimepita, na kilichobaki ni sehemu moja ya kumi na sita ya cha mwanzo.

Hapa wapo wanaojibu kwamba baada ya vipindi viwili chupa imekwisha: nusu ya kwanza saa 6, nusu ya pili saa 12 jioni, basi. Jibu hilo linadhani kinachotoka ni kiasi kilekile kila mara. Rudi kwenye sarafu. Mtupo wa pili haukutoa sarafu mia nyingine, ulitoa nusu ya zilizokuwepo.

Mpaka hapo hesabu ni ya kugawa kwa mbili. Kazi inaanza muda usipoangukia kwenye kipindi kamili. Saa 3 asubuhi kuna ngapi? Saa tatu ni nusu ya kipindi, na wengi huchukua katikati ya 800 na 400, wakaandika 600. Jibu sahihi ni 566. Njia ya kuona kwa nini: nusu ya kwanza ya kipindi na nusu ya pili lazima zipunguze kwa uwiano uleule, maana atomi hazijui kipindi kimeanza lini. Kwa hiyo tunatafuta namba ambayo ukizidisha 800 kwayo mara mbili unapata 400. Namba hiyo ni 0.707. Mara moja inakupa 566, mara mbili inakupa 400. Ukitumia robo tatu, kama aliyeandika 600 alivyofanya bila kujua, mara mbili itakupa 450, na saa 6 mchana chupa itakukana.

Kanuni ya jumla, kama ilivyo kwenye kadi:

```
A = A0 × (1/2)^(t/T)

A0 = 800, T = 6
t = 10  ->  800 × (1/2)^(10/6) = 252
```

t na T lazima ziwe kwa kipimo kimoja. Dakika juu ya saa ni kosa la kila wiki. Ukiona jibu limekuwa sifuri yenye desimali nyingi wakati muda uliopita ni mfupi, angalia hapo kwanza. Kwenye kikokotozi cha simu weka mabano kwenye 10/6. Bila mabano, simu nyingi zitapandisha nusu kwa 10 kwanza, kisha kugawa kwa 6, na utapata 0.13 badala ya 252.

Kanuni hiyo inageuzwa pia. Kama mgonjwa anahitaji megabekereli 600 saa 4 asubuhi na dawa inavutwa kwenye sindano saa 12, ni saa nne za kungoja, yaani theluthi mbili za kipindi. Gawanya 600 kwa 0.63, au zidisha kwa 1.587: vuta 952. Mgonjwa akichelewa kwenye foleni ya magari hadi saa 6, ndani ya sindano zimebaki 476, na picha italazimika kupigwa kwa muda mrefu zaidi ili ionekane vizuri.

Neno "kubaki" linahitaji maelezo, kwa kuwa kwenye majaribio ya kadi hii ndilo lililoleta maswali mengi. Chupa haipungui uzito. Tekineti-99m ikitoa mwale wake wa gama inakuwa tekineti-99 ya kawaida, ambayo nayo ni nururifu ila kwa mwendo wa kobe, nusumaisha miaka 211,000. Atomi zote bado zimo chupani, zimebadilika tu hali. Tena ni chache kuliko mtu anavyodhani: megabekereli 800 ni atomi trilioni 25 hivi, ambazo uzito wake ni nanogramu 4. Ukiziweka kwenye mizani ya duka la dhahabu, mshale hautatikisika. Kaunta ya mionzi inazisikia kwa sababu inasikia kila atomi inapobadilika, haipimi uzito.

Vipindi kumi vinaacha sehemu moja katika 1,024. Kwa tekineti hiyo ni saa 60, na 800 zimekuwa 0.78. Ndiyo sababu wanaotunza taka za isotopu fupi hupenda kungoja vipindi kumi kabla ya kupima na kuamua zitupwe vipi. Haimaanishi kwamba kumi ni mwisho. Ukianza na kingi sana, sehemu moja ya elfu bado inaweza kuwa nyingi, na kinachoamua ni kipimo.

## Ingizo la 3: puto, jaribio la kwanza na la pili (yote yameshindwa)

Kwenye mawe, udongo na saruji kuna urani kidogo. Mnyororo wake unapita kwenye redi, na redi inazaa radoni-222, gesi inayopenya kwenye nyufa za sakafu na kukaa chumbani. Nusumaisha ya radoni hii ni siku 3.8. Ikibadilika inazaa poloni-218, nayo risasi-214, nayo bismuthi-214. Hizi si gesi tena. Zinashika vumbi, na nyingi zina chaji ya umeme, kwa hiyo puto lililosuguliwa kwa sufi huzivuta kama linavyovuta nywele.

Vifaa: puto la mpira la kawaida, sweta la sufi la mtumba (soma lebo, akriliki haikufaa kwetu), uzi, selotepu, pini, na kaunta ya Geiger ya kujiunganishia yenye mrija wa kioo. Mrija unatumia volti 400 hivi. Mkondo ni mdogo, lakini usiguse ncha zake betri ikiwa imeunganishwa.

Jaribio la kwanza: chumba cha ghorofa ya chini, madirisha wazi tangu asubuhi. Puto lilitundikwa dakika 45. Kaunta haikuonyesha tofauti yoyote na chumba kitupu. Radoni ilikuwa imeondoka na upepo.

Jaribio la pili: chumba kilifungwa usiku kucha. Mvua ilinyesha, hewa ikawa na unyevu, na puto lilipoteza chaji kabla ya robo saa. Njia ya kujua: lisogeze puto karibu na mkono, bila kugusa. Kama nywele za mkono hazisimami, usiendelee. Msimu wa baridi kavu ya Julai na Agosti ni mzuri kwa kazi hii, Aprili utahangaika.

Kosa la tatu lilipatikana siku hiyohiyo, na hili ni la kuandikwa kwa wino mwekundu. Mionzi ya mazingira, yaani hesabu ya kaunta pasipo puto, ilikuwa 26 kwa dakika asubuhi, ikapanda hadi zaidi ya 60 saa sita mchana, kisha ikashuka. Radoni haifanyi hivyo. Jua lilikuwa linapiga mrija moja kwa moja kupitia dirishani, na mrija wa kioo usiofunikwa huweza kuhesabu mwanga kana kwamba ni mionzi. Mrija sasa unakaa ndani ya boksi la viatu lililofungwa gundi nyeusi kwenye mishono.

Hesabu hiyo ya 26 ni ya chumba hiki na mrija huu. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mionzi ya anga ni mingi kuliko pwani. Atakayekipeleka kisanduku Mombasa apime upya.

## Ingizo la 4: puto, jaribio la tatu

Chumba kilifungwa tangu saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi, kabla ya puto kuingia, mionzi ya mazingira ilihesabiwa kwa dakika 30: jumla 783, yaani 26.1 kwa dakika. Dakika 30 si za kupoteza muda. Kutokuwa na hakika kwa hesabu ya aina hii ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe: ukihesabu dakika moja ukapata 26, ukweli unaweza kuwa 21 au 31. Ukihesabu 783, kutokuwa na hakika ni 28 kwa jumla, chini ya 1 kwa kila dakika.

Puto lilipulizwa hadi upana wa sentimita 30, likasuguliwa kwa sufi dakika moja pande zote, likatundikwa kwa uzi katikati ya chumba, mbali na ukuta na mbali na watu. Dakika 45 zilipopita, selotepu ilibandikwa karibu na shingo ya puto na pini ikatoboa hapohapo. Kwa njia hiyo linapungua hewa taratibu. Ukilitoboa bila selotepu linapasuka na sampuli yako inaruka vipande. Mpira mlegevu ulikunjwa, upande wa nje ukibaki nje, ukalazwa juu ya mrija. Kioo kinazuia chembe za alfa, kwa hiyo kinachohesabiwa ni hasa beta za risasi-214 na bismuthi-214.

Kila hesabu ni ya dakika tano, ikagawanywa kwa tano. Muda ulioandikwa ni wa katikati ya dakika hizo.

| Muda (dakika) | Hesabu kwa dakika | Baada ya kutoa 26 |
|---|---|---|
| 0 | 174 | 148 |
| 20 | 147 | 121 |
| 40 | 111 | 85 |
| 60 | 86 | 60 |
| 80 | 64 | 38 |
| 100 | 52 | 26 |
| 120 | 41 | 15 |

Safu ya kati peke yake inadanganya. Kutoka 174 hadi 41 ni kupungua mara 4.2, zaidi kidogo ya vipindi viwili kwa dakika 120, na nusumaisha ingeonekana kuwa dakika 57 au 58. Safu ya kulia inasema 148 hadi 15, karibu mara kumi, vipindi 3.3, yaani dakika 36. Data ni zilezile, tofauti ni kutoa au kutotoa mionzi ya mazingira. Mazingira hayapungui, kwa hiyo yakibaki ndani ya hesabu yanaufanya mkia wa mchoro ukae juu na nusumaisha irefuke. Ukiona kwenye daftari la mtu nusumaisha inaongezeka kadiri muda unavyokwenda, uliza kwanza kama alitoa mazingira.

Ajabu ya jedwali hili ni kwamba hata safu ya kulia haitoi namba moja. Dakika 40 za kwanza, 148 hadi 85, zinatoa nusumaisha ya dakika 50. Dakika 60 za mwisho, 60 hadi 15, ni robo kamili: vipindi viwili, dakika 30 kila kimoja. Hapa nusumaisha imefupika kadiri muda ulivyokwenda, kinyume cha kosa la mazingira. Kwa hiyo si kosa hilo.

## Ingizo la 5: kwa nini mwanzo unachelewa

Sarafu na tekineti zilikuwa za aina moja tu. Kwenye puto kuna mama na mtoto. Risasi-214 ina nusumaisha ya dakika 27, na kila inapobadilika inazaa bismuthi-214, ambayo nusumaisha yake ni dakika 20, nayo pia inatoa beta. Atomi moja ya risasi inaihesabisha kaunta mara mbili: mara yake yenyewe, na mara ya mtoto wake baadaye.

Puto linapoondolewa kwenye uzi, bismuthi haijajaa bado. Dakika za mwanzo risasi inapungua, lakini bismuthi inalishwa na inashikilia hesabu juu. Jumla inashuka polepole. Baada ya saa moja hivi ulishaji umepungua, na zote mbili zinashuka pamoja zikiifuata ile yenye nusumaisha ndefu zaidi, risasi. Ungehesabu saa tatu, ungeona dakika 30 zikielekea 27. Tatizo ni kwamba wakati huo umebaki na hesabu 4 au 5 juu ya 26, na huwezi tena kutenganisha ishara na kelele kwa kaunta ndogo kama hii.

Swali lililokuja pamoja na jedwali: kama radoni ni ya siku 3.8, kwa nini puto linakufa ndani ya saa mbili? Radoni yenyewe ni gesi isiyoshikana na kitu, haikubaki kwenye mpira. Puto lilikusanya wazao wake tu, na likishatolewa kwenye hewa ya chumba, hakuna mzazi wa kuwajaza tena. Poloni-218, ya dakika 3, ilikwisha kabla ya hesabu ya pili.

Namna hii ya kusoma mchoro ni ya zamani. Mwaka 1900 Ernest Rutherford, akiwa Montreal, alipima gesi itokayo kwenye thori na kuona ikipungua nusu kila dakika moja hivi. Alibahatika kupata kitu kinachopungua haraka kiasi cha kumtosha kukaa na saa mkononi. Gesi yake ilikuwa radoni pia, lakini radoni-220, ya sekunde 56.

Uamuzi kwa kisanduku: kadi ya puto haitauliza "nusumaisha ni dakika ngapi?" Itauliza mbili, ya dakika 40 za kwanza na ya dakika 60 za mwisho, na kumtaka mwanafunzi aseme ipi ni kubwa na kwa nini. Anayetaka namba moja safi anaweza kuanza kuhesabu dakika 60 baada ya kulipunguza puto hewa. Atapata kati ya 27 na 33, ikiwa hesabu ya mwanzo ilikuwa angalau 140 juu ya mazingira.

## Ingizo la 6: yaliyobaki

Sarafu zimewekwa kwenye mifuko miwili ya mia mia ili zihesabike haraka. Vikundi kumi vikitupa kwa wakati mmoja na kujumlisha, 2,000 za mwanzo zinatoa mchoro laini kiasi kwamba mkono hauna pa kutetemeka, na tofauti yake na mchoro wa kikundi kimoja inabandikwa kwenye mfuniko kwa ndani.

Kadi ya tekineti inarekebishwa: mstari wa saa 10 jioni ulikuwa umechapwa 267 badala ya 252. Aliyeuchapa alichukua 400 na 200 akagawa katikati kwa mstari ulionyooka. Kosa lilelile kadi inalolionya, limeingia kwenye kadi yenyewe.

Puto lililotumika baada ya saa nne halina tofauti na puto jingine lolote, linatupwa na taka za kawaida. Usilipulize tena kwa mdomo: si kwa ajili ya mionzi, ni vumbi la usiku mzima lililo juu yake. Kila kipindi kipya kinaanza na puto jipya, dakika 30 za mazingira, na boksi la viatu likiwa limefungwa kabla ya pazia kufunguliwa.